Leseni ya Chapa: Dagaa Wakaangwe Kwingine, Jina Libaki Letu

Hotuba kwa wasindikaji wadogo wa samaki, Mwanza

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, na ninyi wasindikaji wenzangu wa Mwanza mjini, Sengerema na Ukerewe, habari za asubuhi. Nimeombwa nieleze jinsi mtu mwenye chapa inayojulikana anavyoweza kumruhusu mwenye kiwanda atengeneze bidhaa kwa jina hilo, huku jina lenyewe likibaki mikononi mwake. Nitalieleza kwa dagaa, kwa sababu dagaa ndio kazi yangu, na kwa sababu kosa lililonifundisha nililifanya katika dagaa.

Wengi wenu mnaifahamu pakiti yetu ya dagaa wa kukaanga ya gramu 100. Tulianza Kirumba na makarai 2, tukafika makarai 6, na hapo tukakwama. Maduka ya Shinyanga na Geita yalikuwa yakiagiza mzigo ambao jiko letu lisingeweza kuutoa hata tukikesha. Akaja mwenye kiwanda, ambaye sitamtaja, mwenye mashine ya kukausha mafuta, mashine ya kufungia pakiti na gari lake la kusambazia. Akaniambia, "Mama, wewe una jina na mimi nina mashine. Nipe jina nikulipe kila mwezi." Nikakubali, na kukubali kwenyewe hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa ndani ya karatasi tuliyotia saini.

Kabla sijafika huko, naomba tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ukimlipa mwenye kiwanda akukaangie dagaa, kisha ukawachukua na kuwauza mwenyewe, umekodi mikono yake tu. Mzigo ni wako, na kila katoni inapita mbele ya macho yako kabla haijafika dukani. Katika leseni ya chapa mambo yanageuka: dagaa ni wake, mafuta ni yake, wateja wa jumla anawauzia yeye na fedha inaingia kwake, na wewe unapokea mrabaha, yaani sehemu ndogo ya mauzo kwa sababu ya jina. Pakiti inatoka kiwandani na kwenda Kahama bila wewe kuiona, lakini mama aliyeinunua Kahama, akikuta mchanga mdomoni, hamlaumu mwenye mashine ambaye hamjui. Analaumu jina analolisoma kwenye pakiti. Ndiyo maana katika leseni usimamizi wa ubora hauwezi kuachwa kwenye kuaminiana. Mzigo haupiti kwako, kwa hiyo kilichobaki mkononi mwako ni mkataba na haki ya kukagua.

Kuhusu usajili nitapita haraka. Huwezi kumkodisha mtu nyumba isiyo yako, na chapa ni hivyo hivyo: isajiliwe kwanza BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, kwa jina lako au la kampuni yako, kabla mazungumzo na kiwanda hayajaanza. Dagaa waliosindikwa wako katika daraja la 29 la bidhaa, lakini pilipili na michuzi ya chupa iko daraja la 30, na aliyesajili daraja moja asidhani amekwisha kulilinda jina katika daraja jingine. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Usajili huo ni wa Tanzania Bara peke yake. Zanzibar ina wakala wake na sheria yake, hivyo kama mwenye kiwanda ana wateja Unguja, sajili na huko kabla hajapeleka mzigo. Mkataba wa leseni nao uwe wa maandishi, na upelekwe BRELA ukaingizwe katika rejista.

Sasa nirudi kwenye karatasi yangu. Kifungu cha ubora katika mkataba wetu wa kwanza kilikuwa sentensi moja, nami naikumbuka neno kwa neno: "Mtengenezaji atahakikisha bidhaa zina ubora wa hali ya juu." Niliisoma nikaridhika. Ukiitazama vizuri, sentensi ile haina kitu cha kupimika. Haisemi dagaa wawe wamekaushwa wapi, haisemi mafuta yabadilishwe lini, haisemi nani anapima, wala haisemi kinachofuata kipimo kikishindwa. Kwa mwaka mzima nilikwenda kiwandani mara 3, nikakaribishwa chai, nikaonjeshwa dagaa waliotoka kwenye karai wakati huohuo, nikasifu, nikarudi nyumbani.

Nilikuja kujua baadaye kwamba kosa kama hilo liliwahi kumpotezea mtu chapa yake mahakamani. Ni kesi ya Marekani, na sheria ya Marekani si sheria yetu, lakini hoja yake inafaa kusikika hapa Mwanza. Kampuni ya Barcamerica ilikuwa na chapa ya Da Vinci kwa ajili ya mvinyo, iliyosajiliwa mwaka 1984. Mwaka 1988 ikampa leseni mtengenezaji mvinyo wa Kalifonia, na katika mkataba hapakuwa na kifungu chochote cha kusimamia ubora. Baadaye mwenye chapa alipowashitaki watu walioingiza mvinyo wa Italia wenye jina linalofanana na lake, aliulizwa alikuwa akisimamiaje ubora wa mvinyo uliobeba jina lake. Akajibu kwamba alikuwa akiuonja mara chache, na kwamba alimtegemea mtengenezaji kwa sababu anasifika kwa kazi yake. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba hilo halikutosha, na kwamba kwa kuacha kusimamia alikuwa ameitelekeza chapa yake. Lililonigusa zaidi ni kwamba mahakama haikujali kama mvinyo ulikuwa mzuri au mbaya. Swali lilikuwa moja tu: je, mwenye jina alikuwa anasimamia? Mtu aliyeonja mara chache na kuamini sifa za mwenzake alikuwa akifanya kile kile nilichokuwa nikifanya mimi na kikombe changu cha chai.

Mimi sikufikishwa mahakamani. Nilipigiwa simu na mwenye duka mmoja wa Geita, mteja wa miaka mingi, akaniambia wateja wanarudisha pakiti. Nikaomba anitumie mbili kwa basi. Nilipozifungua, harufu ilinifikia kabla sijaonja: ile harufu ya mafuta yaliyochacha, inayofanana na rangi ya ukutani iliyokaa sana kwenye kopo. Nikamwaga dagaa kwenye beseni jeupe lenye maji, nikakoroga, nikasubiri, na mchanga ukatulia chini. Nikatazama namba ya bachi, nikaitafuta katika taarifa za mauzo nilizokuwa nikiletewa kila mwezi, na namba hiyo haikuwamo.

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu vifungashio. Mwenye kiwanda ndiye aliyekuwa akichapisha pakiti zetu, kwa hiyo nilimwomba hati za mchapaji. Zilionyesha pakiti tupu 60,000 kwa miezi ile. Taarifa zake za mauzo zilisema ziliuzwa pakiti 41,000. Tukahesabu stoo tukakuta tupu 6,000, na daftari la mashine lilionyesha pakiti 1,200 zilizoharibika wakati wa kufunga. Toeni wenyewe: zinabaki 11,800 ambazo hazijulikani zilikokwenda. Bei ya kiwandani ilikuwa shilingi 2,000 kwa pakiti na mrabaha wangu asilimia 5, hivyo fedha iliyonipita ni shilingi 1,180,000. Fedha hiyo inauma, lakini si iliyoniondolea usingizi. Kilichonikosesha usingizi ni pakiti 11,800 zenye jina langu, nyumbani kwa watu, ambazo hakuna mtu aliyezikagua.

Tukakaa upya, tukaandika mkataba mwingine. Wapo walionishauri nivunje kila kitu, lakini mwenye kiwanda alikiri, akalipa, na mashine zake zilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa kwamba mkataba wa kwanza ulikuwa umeacha mlango wazi, na mimi ndiye niliyeuacha. Naomba niwaeleze tuliyoyaandika.

La kwanza lilikuwa kuutoa ubora kwenye maneno na kuuweka kwenye vitu vinavyoshikika. Tulikaanga bachi moja pamoja, tukakubaliana kwamba hii ndiyo sampuli ya kulinganishia, tukatia lakiri pakiti kadhaa, nyingine zikabaki kiwandani na nyingine kwangu, na tunazibadilisha kwa mpya kabla hazijapita muda wake. Karatasi ya viwango ikaambatanishwa na mkataba: dagaa wawe wamekaushwa juu ya chanja wala si mchangani, wapimwe mchanga wakiwa wakavu siku ya kupokelewa, mafuta ya kukaangia yalinganishwe na chupa ya rangi tuliyokubaliana na yamwagwe yakiifikia rangi hiyo, na kila pakiti ibebe namba ya bachi inayoonyesha siku ya kukaanga.

Nasisitiza kipimo cha dagaa wakavu siku ya kupokelewa, kwa sababu watu wengi wanapima bidhaa iliyokamilika peke yake. Chumvi, pilipili na mafuta ya moto huficha mengi. Chukua gramu 100 za dagaa wakavu kutoka sehemu mbalimbali za gunia, chini na katikati, si juu tu, uwatie kwenye beseni jeupe lenye maji, ukoroge kwa dakika chache, uwaache, kisha uwatoe taratibu bila kutibua. Chini ya beseni utaona ukweli wa mahali walipoanikwa. Kwetu gunia likiacha mchanga unaoonekana, halikaangwi kwa jina letu, na mkataba unasema hivyo.

Na hapa ziwa lenyewe linaingia katika mkataba. Ninyi wavuvi na wachuuzi wa Mwaloni mnajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikishika mavuno hupungua na bei hupanda. Mnajua pia kwamba mvua ikinyesha mfululizo dagaa hawakauki, na wale waliolowana na kuanza kuvunda ndio wanaouzwa rahisi. Mwenye kiwanda ana wafanyakazi wa kulipa na oda za kutimiza hata wiki ya mbalamwezi. Si lazima awe mtu mbaya ndipo ashawishike kununua gunia la bei rahisi. Kwa hiyo ukaguzi wangu wa kushtukiza siupangi kwa tarehe za mwezi wa kalenda. Naupanga kwa mwezi wa angani na kwa mvua. Nilipolinganisha malalamiko ya Geita na tarehe za bachi, yote yalitoka kwenye siku za mbalamwezi za msimu wa mvua. Kila bidhaa ina siku zake za majaribu, na anayetoa leseni azijue za bidhaa yake kuliko mtu mwingine yeyote.

Jambo jingine ni sampuli za akiba. Mafuta yaliyochoka hayajifichui siku ya kukaanga. Dagaa akitoka karaini ananukia vizuri hata kama mafuta yametumika kupita kiasi, na ndiyo sababu vikombe vyangu vya chai kiwandani havikunisaidia lolote. Harufu huanza kujitokeza wiki kadhaa baadaye, pakiti ikiwa tayari dukani. Sasa kutoka kila bachi tunatenga pakiti 4, mbili kwake na mbili kwangu, zinakaa kwenye joto la kawaida la chumba, si kwenye friji. Moja naifungua baada ya siku 30 na nyingine baada ya siku 90, nanusa, naonja, naandika kwenye daftari tarehe, namba ya bachi na nilichokikuta. Pakiti ya siku 30 ikinuka, kiwanda kinaarifiwa siku hiyohiyo na bachi nzima inarudishwa kwa gharama yake. Daftari hilo halina umbo la kuvutia, lakini mtu akiniuliza leo ninasimamiaje jina langu, nitampa daftari asome.

Katika hili alama ya TBS, Shirika la Viwango, inatusaidia, lakini haichukui nafasi yetu. Leseni ya kutumia alama ya ubora hupewa mtengenezaji kwa bidhaa fulani inayotengenezwa mahali fulani. Kwa hiyo tukaandika kwamba dagaa wetu watakaangwa katika jengo hilo tu, na kwamba hawezi kumpa mtu wa tatu kazi hiyo bila idhini yangu ya maandishi. Akihamishia kazi uani kwa jirani siku ya oda kubwa, alama iliyo kwenye pakiti inakuwa si ya kweli, na jina lililo juu ya alama hiyo ni letu.

Vifungashio sasa nachapisha mimi. Mchapaji anapokea oda kutoka kwangu peke yake, mimi nakabidhi kiwandani kwa hesabu, na kiwanda kinanilipa gharama ya uchapishaji. Tukakubaliana pakiti zinazoharibika zisizidi asilimia 2, na zilizoharibika zisitupwe, zitunzwe zihesabiwe. Mwezi nikikabidhi 20,400, natarajia kuona zisizozidi 408 zilizoharibika, na zilizobaki ziwe ama zimeuzwa ama zipo stoo. Mtu anaweza kuandika taarifa ya mauzo anavyopenda, lakini hawezi kuuza pakiti asiyokuwa nayo. Tangu tulipoanza hivyo sijalazimika kubishana na taarifa hata moja.

Mrabaha wenyewe tuliuacha kwenye asilimia 5, lakini tulieleza ni asilimia 5 ya nini. Ni ya bei ya kiwandani bila VAT, baada ya kutoa mzigo uliorudishwa. Wako watakaokushawishi upokee asilimia kubwa zaidi ya faida. Usikubali. Faida inakokotolewa na yeye, baada ya kutoa mishahara, dizeli, mkopo wa benki na lolote atakaloliita gharama, na utaishia kukagua hesabu za kiwanda kizima. Mauzo yanahesabika kwa vifungashio. Kwa mwezi wa pakiti 20,000 mauzo ni shilingi milioni 40, mrabaha ni milioni 2, naye anazuia asilimia 15 ya kodi ya zuio, shilingi 300,000, ambayo anaipeleka TRA na kunipa cheti. Mkononi inafika 1,700,000. Kipo pia kiwango cha chini cha mwaka anachopaswa kulipa hata asipouza, ili asilikalie jina bila kulifanyia kazi.

Mpaka hapa nimesema ubora. Sura ya chapa ni jambo la pili, na linaweza kuharibika hata bidhaa ikiwa nzuri. Mwaka jana mwenye kiwanda alinijia na wazo ambalo kibiashara lilikuwa na akili. Wakati wa kuchambua dagaa yanabaki mabaki: vichwa, vipande na dagaa wenye mchanga. Akataka ayasage awe anauza chakula cha kuku katika mifuko ya kilo 25 yenye jina letu, kwa kuwa jina linauza. Chakula chenyewe kilikuwa kizuri, na wafugaji wa Ilemela wangekinunua. Nikakataa. Nilimwomba afikirie mama aliyesimama dukani, pakiti ya dagaa wa watoto wake iko rafu ya juu, na sakafuni pana mfuko wa chakula cha kuku wenye jina lilelile na picha ileile. Hatasoma maelezo ya nyuma. Atajiuliza kama kilichomo ndani ni kilekile. Ulimwengu wa mitindo unamkumbuka Pierre Cardin, mbunifu wa Paris, aliyetoa mamia ya leseni kwa bidhaa za kila aina mpaka jina lililokuwa la mavazi ya heshima likaonekana kila mahali na thamani yake ikashuka. Mwenye kiwanda sasa anauza chakula chake cha kuku kwa jina lake mwenyewe, na kinakwenda vizuri. Mkataba wetu unataja bidhaa moja, pakiti ya gramu 100 ya dagaa wa kukaanga, na kila kitu kisichotajwa humo hakiruhusiwi mpaka niandike kwamba kinaruhusiwa. Hata bango, hata fulana ya wauzaji, inapita kwangu kwanza.

Nimalizie na mwisho wa mkataba, kwa sababu ndipo wengi wanapoumia. Leseni ikiisha, mzigo uliokwisha kutengenezwa haupotei, na si haki kumwambia mtu autupe. Lakini ukimpa muda mrefu wa kuumaliza, atakaanga mwingi siku za mwisho na kuujaza sokoni kwa bei ya kutupa, huku hana tena sababu ya kulijali jina. Tuliandika kwamba katika miezi 2 ya mwisho hatazidisha wastani wa uzalishaji wa mwaka, kwamba atakuwa na siku 45 za kumaliza stoo kwa bei isiyoshuka chini ya ile tuliyokubaliana, na kwamba vifungashio vitupu vitarudi kwangu au vitaharibiwa mbele yangu. Muda huo tuliupima kwa dagaa. Anayetoa leseni ya sabuni anaweza kutoa miezi, kwa kuwa sabuni haichachi.

Kifungu hicho cha vifungashio tulikitumia siku ileile tuliyotia saini mkataba mpya, kwa zile pakiti 6,000 za zamani zilizokuwa stoo. Tulikaa watatu, mimi, mwenye kiwanda na mtunza stoo wake, kila mmoja na mkasi, tukakata kona ya kila pakiti penye nafasi ya namba ya bachi, tukizihesabu mia mia na kuzifunga kwa kamba. Tulianza saa 3 asubuhi, na jua lilikuwa limeanza kuegemea ziwani tulipofika fungu la 60 na kutia saini kwenye karatasi ya hesabu.